Kipaumbele ni zamu, si cheo

Ndugu mdau, umeandika tena chini ya tiketi, yaani ombi la kazi, kwa timu yetu ya programu: "Hii sasa ndiyo ya kwanza, anzeni leo." Jumatatu, iliyokuwa ya kwanza ni nyingine, na Ijumaa iliyopita nyingine tena. Hakuna anayekunyima haki ya kubadilisha mawazo. Taabu ni ile imani iliyo nyuma ya maneno hayo, kwamba kipaumbele ni sifa ya tiketi, kama rangi ya shati, na kwamba ukiipaka nyekundu zaidi itasogea yenyewe.

Haisogei. Kwanza nimalize ya mtambo, maana ni fupi. Maneno unayoandika chini ya tiketi hayagusi chochote kinachopanga kazi. Hata ukibadilisha sehemu ya `Priority` iwe `Highest`, kwenye Jira, mfumo wetu wa kufuatilia kazi, tiketi inabaki palepale ilipokuwa kwenye bodi. Bodi ya kawaida hupangwa kwa `Rank`, yaani ipi iko juu ya ipi, na `Rank` hubadilika pale mtu anapoikamata tiketi na kuivuta juu au chini. Kila asubuhi tunachosoma ni hiki:

```
statusCategory != Done ORDER BY Rank ASC
```

Hizo ni kazi ambazo hazijaisha, kwa mpangilio wa `Rank`. `Priority` haimo humo. Unaweza kuwa na tiketi kumi na saba za `Highest` (wakati ninaandika haya zipo kumi na saba, nimehesabu) na bado mtu wa timu atachukua ile iliyo juu. `Priority` ni maoni. `Rank` ni foleni.

Na foleni ina tabia moja ambayo kila aliyepanga mstari benki anaijua: hakuna anayesogea mbele bila mwingine kurudi nyuma. Kwa hiyo "pandisheni hii" ni nusu ya ombi. Nusu ya pili ni ipi ishuke, na hiyo nusu ya pili ndiyo hukosekana kila mara. Usipoitaja, atakayechagua ni mwandishi wa programu aliyefungua kompyuta saa mbili asubuhi akakuta ujumbe wako. Atachagua kwa kubahatisha, au hatachagua chochote na ataanza yako huku ile ya jana akiiacha katikati.

Hapo katikati ndipo pesa zako zinapopotelea, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Kazi iliyoachwa nusu hailali ikakusubiri. Msimbo wake umekaa kwenye tawi, yaani nakala ya pembeni, huku shina, msimbo wa timu nzima, likiendelea kubadilika. Baada ya wiki moja kuviunganisha ni ugomvi, maana mistari ileile imeguswa na watu wawili. Data za majaribio zilizoandaliwa kwa ajili yake zimefutwa na mtu mwingine wa timu. Aliyekuwa akikagua amesahau kwa nini sharti lile liliwekwa pale. Halafu kuna hesabu ya foleni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: muda ambao kazi hukaa mkononi, kwa wastani, ni idadi ya kazi zilizo mkononi ikigawanywa kwa idadi zinazomalizika kwa wiki. Timu ikiwa na kazi sita mkononi na inamaliza tatu kwa wiki, kila moja itachukua wiki mbili. Ukituongezea tatu "za kwanza" bila kuondoa yoyote zinakuwa tisa, na kila moja, pamoja na hizo zako za kwanza, inaelekea wiki tatu. Umesukuma kila kitu kiende haraka na kila kitu kimechelewa, bila mtu yeyote kuzembea.

Sasa tutenganishe mambo mawili unayoyachanganya. Kuna ukubwa wa madhara na kuna zamu. Madhara ni swali la kitaalamu: nini kimeharibika, kwa watu wangapi, na je, kuna njia ya kuzunguka? Zamu ni swali la biashara: tukiichelewesha kwa wiki moja tutapoteza nini ambacho hatutakipoteza tukiifanya leo? Hitilafu inayoiangusha programu nzima, lakini kwa ripoti inayotolewa mara moja kwa mwaka kila Juni, ina madhara makubwa na mwezi Julai zamu yake ni ya mbali. Jina la kampuni lililokosewa herufi moja kwenye hati ya mshahara halina madhara yoyote kwa mfumo, lakini kama hati zinatoka kesho kwa wafanyakazi wote, zamu yake ni leo saa nne. Bugzilla, mfumo mwingine wa kufuatilia hitilafu, imekuwa na sehemu mbili tofauti kwa mambo haya tangu zamani. Jira kwa kawaida hutupatia `Priority` peke yake, na nadhani nusu ya ugomvi wetu umezaliwa hapo: wewe unaandika madhara, sisi tunasoma zamu.

Tuchukue mfano wa kweli wa sheria, na tarehe za malipo za kubuni. Oktoba 2024 Kenya iliacha makato ya bima ya afya ya NHIF ikaingia SHIF. Zamani makato yalikuwa ya ngazi, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700. Mapya ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, yasipungue shilingi 300, na hayana kikomo cha juu. Ombi ambalo timu ya mfumo wa mishahara ingeweza kulipata ni "SHIF ni ya haraka sana, kabla ya tarehe 9 Novemba!!" Tarehe yenyewe si ya uongo, kwani makato huwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Lakini si tarehe ya kazi hii. Fedha hukatwa siku mishahara inapokokotolewa. Kama mishahara inakokotolewa Alhamisi tarehe 24 Oktoba, basi tarehe 9 umeshawalipa watu kwa makato yasiyo sahihi na unahangaika kuwarudia.

Rudi nyuma kutoka hapo. Unahitaji siku mbili za kuendesha hesabu mpya sambamba na ya zamani na kulinganisha mfanyakazi kwa mfanyakazi. Siku hizo ni tarehe 22 na 23. Tarehe 21 ni Jumatatu, lakini Mashujaa iliangukia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu ni mapumziko. Mabadiliko yanatakiwa yawe tayari Ijumaa tarehe 18. Kati ya tarehe 9 Novemba na 18 Oktoba kuna wiki tatu, na wiki hizo tatu ndizo zinazoamua nani apishwe kwenye foleni. Alama za mshangao hazikutusaidia kuziona.

Ombi lililoandikwa vizuri lingekuwa hivi, na ninaliandika lote ili ulinakili:

"Kuanzia mishahara ya Oktoba, makato ya NHIF yaondoke na SHIF iingie: asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, chini kabisa shilingi 300. Inawahusu wafanyakazi wote wa Kenya. Iwe tayari kwa majaribio tarehe 18 Oktoba, kwa sababu mishahara inakokotolewa tarehe 24 na kosa likipita hapo litarekebishwa kwa mkono. Tutajua imekamilika tukiona: mshahara wa 8,000 unakatwa 300, wa 50,000 unakatwa 1,375, wa 100,000 unakatwa 2,750. Ili ipite, safu mpya kwenye ripoti ya matawi isubiri hadi Novemba. Nimeongea na meneja wa matawi, amekubali. Maswali ya sheria mniulize mimi."

Angalia ile mishahara mitatu. Haikuokotwa. Asilimia 2.75 ya 8,000 ni 220, kwa hiyo inajaribu kile kiwango cha chini. Mtu yeyote anayepata chini ya takriban 10,909 anaangukia hapo. Ule wa 100,000 unanasa kosa la mwandishi aliyesahau kuondoa kikomo cha zamani cha 1,700. Mistari miwili ya namba imetuokoa mkutano wa saa nzima, na aliyeweza kuiandika ni wewe, maana wewe ndiye unayeijua mishahara.

Sentensi ya mwisho ya ombi pia si mapambo. Ombi hilo halisemi kama SHIF inakatwa kabla ya kukokotoa kodi ya mapato au baada. Jibu lilibadilika: makato hayo yaliruhusiwa kutolewa kabla ya kodi kuanzia tarehe 27 Desemba 2024, si Oktoba. Mwandishi wa programu asipokuwa na mtu wa kumuuliza atakisia, na makisio kwenye kodi ya watu hayachekeshi.

Sasa, mlango wa kupitia. Ombi linaletwa kama tiketi mpya, si kama aya iliyobandikwa kwenye tiketi ya jambo jingine. Likishaandikwa, mweleze mwenye bidhaa, mtu mmoja anayeamua mpangilio wa foleni, kwa mdomo au kwa simu. Mwongozo wa Skramu, utaratibu wa kazi tunaoufuata, toleo la mwaka 2020, unasema wazi kwamba anayetaka kubadilisha foleni afanye hivyo kwa kumshawishi mwenye bidhaa. Kushawishi, bosi wangu, si kuamuru, na si kumpitia pembeni kwa kumwandikia kijana wa timu WhatsApp usiku. Kama sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi chenye lengo lake, imeshaanza, swali la kwanza litakuwa kama ombi lako linaharibu lengo la sprinti. Kama haliharibu, tunabadilishana: kazi ya siku tatu inatoka, ya siku tatu inaingia, na inayotoka iwe ambayo haijaanzwa. Kama linaharibu, linasubiri, au mwenye bidhaa anaivunja sprinti, na mwenye mamlaka hayo ni yeye peke yake.

Dharura ya kweli ina njia yake. Mfumo umelala, mishahara imelipwa mara mbili, data za watu zinaonekana na wasiohusika: piga simu, usiandike popote, tiketi tutaifungua sisi. Njia hiyo inabeba kazi moja kwa wakati mmoja. Ya pili ikija, wewe na mwenzako mtakubaliana ipi ni dharura zaidi kabla ya kutupigia.

Nikiri pale ambapo mpango huu unavuja. Hesabu ya hasara ya kuchelewa kwa kawaida ni makisio yaliyovaa suti. Ukiniambia wiki moja inagharimu laki tano sina namna ya kukubishia, nawe huna namna ya kuthibitisha. Makadirio yetu ya "siku tatu" nayo si msahafu. Na kanuni ya kubadilishana inampendelea mwenye kazi nyingi kwenye foleni, kwa kuwa ana cha kutoa. Mtu wa idara ndogo mwenye tiketi moja hana cha kubadilishana, na sijapata jibu zuri kwake zaidi ya mwenye bidhaa mwenye masikio. Kuna siku pia umeandika "ya haraka" bila maelezo yoyote na ukawa sahihi, sisi tukachelewa tukikudai namba.

Kwa zile kumi na saba za `Highest`: nitaziacha kama zilivyo hadi Jumatano saa tano, tukutane na mwenye bidhaa. Njoo ukiwa umezipanga kutoka ya 1 hadi ya 17, bila sare.