Wasifu wa ukurasa mmoja kwa asiyewahi kuajiriwa

"Sijawahi kuajiriwa popote, sasa kwenye wasifu nitaandika nini zaidi ya jina na shule nilizosoma?"

Msomaji wa wasifu wako anatafuta ushahidi wa kazi uliyoifanya, iwe ulilipwa au hukulipwa. Kwa hiyo panga hivi: jina na mawasiliano juu kabisa, kisha elimu pamoja na mwezi unaotarajia kuhitimu, halafu mradi wako wa mwaka wa mwisho. Huo mradi ndio upewe nafasi kubwa kuliko vyote.

Wengi huandika "Nilishiriki mradi wa utafiti" wakaishia hapo, na msomaji hajui wewe ulifanya nini. Linganisha na huu: "Niliandaa dodoso la maswali 20, nikahoji wanafunzi 60, nikachambua majibu kwa Excel na kuandika ripoti." Hapo kazi inaonekana, na ukiitwa kwenye usaili una la kueleza. Kama ulikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi, andika vivyo hivyo: fedha ulizosimamia, hesabu ulizowasilisha.

Shule ya msingi iondoe, inakula nafasi bure. Ukurasa usipojaa, usiujazie "mchapakazi, mwaminifu". Ongeza kazi ya kujitolea uliyoifanya kweli.