Piano iliyotuniwa vizuri bado haiko safi kabisa

"Piano ikishatuniwa na fundi mzuri, kila sauti ni safi. Kwaya ikipishana nayo, kwaya ndiyo imekosea."

Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu ya kwaya hapa Tanga, na si sahihi. Mi safi hutetema mara 5 kila do inapotetema mara 4. Chukua do ya mitetemo 256 kwa sekunde: mi yake safi ni 320. Panda tena kwa uwiano huohuo, unapata 400, kisha 500. Lakini kwenye piano, ukipanda hivyo mara tatu unafika do ya juu, na hiyo lazima iwe mara mbili ya do ya kwanza, yaani 512. Pengo hilo fundi hawezi kulifuta, hivyo hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, na mi hupanda hadi karibu 322.5.

Jaribu mwenyewe: bonyeza do na mi za katikati ya piano kwa pamoja, uzishikilie. Utasikia mpapatiko wa haraka, kama mara 10 kwa sekunde. Waimbaji wazuri wasio na ala huishusha mi hiyo kidogo, na mpapatiko hutulia.

Kinachochanganya wengi ni programu ya simu ya kutuni: huonyesha kijani kwa sababu nayo kwa kawaida imepangwa kwa hatua zilezile sawa. Tafadhali, msiusambaze tena ujumbe huo. Unawavunja moyo waimbaji wenye sikio zuri.