Kleimu siyo straiki: yanayosemwa kuhusu kopiraiti YouTube na ukweli wake

Jamaa yangu mmoja alinipigia simu usiku, sauti inatetemeka, eti chaneli yake ya kufundisha kutengeneza kompyuta imekwisha, ameshapata tatu na ikifika tatu wanafunga. Nikamuuliza tatu za nini, akasema "za kopiraiti." Nikamwambia nitumie picha ya skrini. Kuangalia, ni video moja ya dakika 14, ameweka nyimbo tatu za chinichini, kila wimbo umepata kleimu yake. Straiki hana hata moja. Tatizo ni kwamba kabla hajanipigia alikuwa ameshafuta video zake mbili nyingine zenye watazamaji wengi kuliko zote, kwa woga tu. Iliniuma sana, ndo maana naandika haya.

Wanasema: kleimu ni straiki ndogo, zikijaa tatu chaneli inafungwa

Hapana. Kleimu ni madai juu ya video, straiki ni adhabu juu ya chaneli. Kleimu nyingi zinatoka kwenye mfumo unaoitwa Content ID, yaani wenye nyimbo na filamu wanaweka nakala zao mle, halafu kila video inayopandishwa inalinganishwa na hizo nakala na mashine yenyewe, hakuna mtu aliyekaa anakuchunguza. Ikifanana, mwenye kazi ameshachagua mapema kitokee nini: aiache video na kufuatilia takwimu tu, achukue pesa za matangazo, au aizuie isionekane, dunia nzima au nchi fulani tu. Unaweza kuwa na video kumi zenye kleimu na hesabu ya straiki ikabaki sifuri.

Straiki inakuja kwa njia nyingine kabisa. Mwenye kazi, au mtu anayemwakilisha, anaandika ombi rasmi la kisheria kwamba video iondolewe. YouTube wakilikubali video inatoka na chaneli inapata straiki. Hizi ndo zinazohesabiwa: tatu ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufungwa pamoja na nyingine zinazohusiana nayo. Ya kwanza utatakiwa kupita Copyright School, somo fupi lenye maswali, halafu baada ya siku 90 inaisha yenyewe. Ila usipofanya hilo somo usitegemee itaisha, na watu wengi wanaliruka hapo hapo.

Wanasema: video haionekani tena, basi hiyo ni straiki

Hapa hata mimi siwalaumu watu maana maandishi yenyewe yanachanganya. Video iliyoondolewa kwa ombi la kisheria, mtazamaji akiifungua anaona *This video is no longer available due to a copyright claim by* halafu jina la mdai. Umeona? Imeandikwa "claim" na wakati hiyo ndo yenye straiki! Iliyozuiwa na Content ID inasema ina maudhui ya fulani *who has blocked it on copyright grounds*, na hiyo haina straiki yoyote. Kwahiyo usihukumu kwa maandishi anayoyaona mtazamaji, wala kwa kichwa cha barua pepe uliyoisoma haraka haraka. Nenda Studio.

Fungua YouTube Studio kwenye kompyuta, menyu ya kushoto bonyeza Content, juu ya orodha ya video kuna sehemu ya kuchuja, chagua Copyright ili zibaki zenye kesi tu. Kisha angalia safu ya Restrictions, iko katikati ya Visibility na Date. Peleka mausi juu ya neno Copyright bila kubonyeza, kidirisha kidogo kitatokea, ndani yake bonyeza SEE DETAILS. Ukurasa unaofunguka ndo wenye jibu, soma taratibu. Kama ni kleimu utaona jina la wimbo au klipu, dakika na sekunde inapoanzia na kuishia, nani anadai, na athari yake kwenye video. Pia utapewa vitendo kama kukata kipande hicho, kunyamazisha wimbo au kuubadilisha. Kama ni straiki utaona video imeondolewa, nani aliomba, na kwamba chaneli imeguswa.

Kama hutaki kupekua video moja moja, rudi Dashboard. Ukiwa na straiki utakuta kadi ya Channel violations inakuambia unazo ngapi. Jamaa yangu kadi hiyo hakuwa nayo kabisa, na kwenye ile video ya dakika 14 SEE DETAILS ilionyesha mistari mitatu, kila mmoja na wimbo wake, athari ikiwa ni pesa za matangazo kwenda kwa wenye nyimbo, basi. Akanyamazisha nyimbo mbili, wa tatu akaukata maana ulikuwa mwishoni kwenye salamu za kwaheri, na kleimu zote tatu zikaondoka bila kupandisha video upya na bila kupoteza komenti hata moja.

Wanasema: futa video, kesi inaisha

Kwenye kleimu ni kweli, ukifuta video na kleimu inakwenda nayo, ila umepoteza video bure wakati ungeweza kukata sekunde 40 tu. Kwenye straiki ni uongo, ukishapewa kufuta hakusaidii kitu. Pale kufuta kunaposaidia ni kama mdai ameomba uondoaji wa kusubiri, unapewa siku 7 za kuitoa mwenyewe, ukiitoa ndani ya muda huo straiki haiji.

Straiki inatoka kwa njia tatu tu: siku 90 zipite na somo umemaliza, mdai afute ombi lake mwenyewe (ndo maana kumwandikia kwa adabu ni jambo la maana kuliko watu wanavyodhani), au upeleke pingamizi la kisheria ukiwa na hakika kwamba kosa ni lao. Ukipeleka pingamizi, mdai ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi, asipofanya hivyo video inarudishwa na straiki inatoka.

Wanasema: pinga kila kleimu, haina madhara

Hii ndo inayoniogopesha zaidi, maana hapa ndo kleimu inapogeuka straiki. Ukipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Anaweza kuiachia, akakaa kimya mpaka muda uishe na kleimu ikaondoka, akashikilia msimamo wake, au akaamua kupeleka ombi la kuondoa video hapo hapo, na hapo una straiki. Akishikilia, wewe unaweza kukata rufaa, safari hii ana siku 7, na akiikataa rufaa kinachofuata ni video kuondolewa na straiki juu yake.

Kwahiyo pinga pale ambapo wimbo ni wako, au una leseni yake, au mashine imekosea kabisa imefananisha sauti ya feni na wimbo wa mtu. "Nimemtaja mwenye wimbo kwenye maelezo" siyo leseni. Na kama una haki kweli na video yako inaingiza pesa, pinga ndani ya siku 5 toka kleimu iingie, maana mapato yanashikiliwa kuanzia siku ile ya kwanza mpaka kesi iamuliwe. Ukichelewa, yanashikiliwa kuanzia siku uliyopinga tu.