Damu iko sawa, mbona dozi ya kemo imepunguzwa?

Dhana: Damu ikitoka nzuri maabara, hakuna sababu ya kupunguza dozi.

Maneno haya husikika sana kwenye foleni za kliniki za saratani hapa Nairobi, na yana chanzo. Dawa nyingi za kemo hushambulia seli zinazogawanyika, na uboho wa mifupa hugawa seli usiku na mchana. Ndiyo maana chembe nyeupe hushuka. Ila damu ni kikomo kimoja tu cha dozi.

Chukua mama mwenye saratani ya matiti, ambaye eneo la mwili wake ni mita mraba 1.7. Huenda akaanza na doksorubisini, ile dawa nyekundu, pamoja na saiklofosfamidi. Zote mbili huua seli katika awamu yoyote ya mgawanyiko. Doksorubisini ya miligramu 60 kwa mita mraba ni miligramu 102 kila mzunguko. Baada ya mizunguko minne amefikisha 240 kwa mita mraba. Chembe nyeupe hupanda tena kabla ya mzunguko unaofuata, lakini sumu kwa moyo hujumlishwa maisha yote, na kikomo cha kawaida ni kati ya 450 na 550. Saratani ikirudi hata miaka kumi baadaye, zile 240 bado zinahesabiwa. Ukihama hospitali, hama na rekodi zako.

Dhana: Dawa ya awamu moja, yaani inayoua seli katika hatua moja tu ya mgawanyiko, haigusi kiungo ambacho seli zake hazigawanyiki.

Mama huyu sasa anaingia kwenye paklitakseli, 80 kwa mita mraba kila wiki, yaani miligramu 136. Dawa hii hukaza nyuzi ndogo zinazovuta kromosomu pande mbili katika awamu ya M, hatua ambayo seli hugawanyika kuwa mbili, seli ikakwama na kufa. Neva hazigawanyiki, ni kweli. Lakini nyuzi zilezile ndizo reli zinazosafirisha mahitaji ya neva kutoka uti wa mgongo hadi kidoleni. Neva ndefu huumia kwanza: ganzi huanza vidoleni, vifungo vya blauzi vinakuwa kazi, ndara inavuka mguuni bila yeye kujua. Kipimo cha damu hakioni hayo. Asiposema mwenyewe, dozi haitapunguzwa wala kusitishwa kwa wakati, na ganzi inaweza kubaki.

Dhana: Dawa za awamu moja zina sumu moja.

Vinblastini na vinkristini hutoka mmea mmoja na zote hufunga awamu ya M. Vinblastini huwekewa kikomo na damu. Vinkristini huishusha kidogo tu; kikomo chake ni neva, na wengi hawampi mtu mzima zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja. Hata neva za utumbo huguswa, kwa hiyo mgonjwa wa vinkristini aliyekosa choo siku tatu ana jambo la kumwambia daktari, hata kama karatasi ya maabara haina kasoro.