Shairi la jina kwa Darasa la Pili

Mara ya kwanza nilipofundisha akrostiki, yaani shairi ambalo herufi za mwanzo za mishororo zikisomwa kwenda chini hutoa jina, niliwaambia watoto waandike jina wima, kisha kila herufi waitafutie neno. Nikapata N, nanasi, E, embe, M, mama. Hiyo ni orodha ya msamiati, si shairi. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimewaonyesha mfano wowote.

Siku hizi naanza na jina ambalo halimo darasani, ili pasiwe na wa kunakili. Mwaka huu nilitumia NEEMA. Naandika herufi ubaoni, halafu natunga palepale huku nikifikiri kwa sauti. Mshororo wa pili nilianza na “Embe ni tamu”, nikaufuta mbele yao. Nani asiyejua kuwa embe ni tamu? Mwisho tukawa na hili:

Nimetoka shambani mbio,
Embe moja nimeficha mfukoni.
“Eti, una nini humo?” Bibi ananiuliza.
Mate yananijaa mdomoni.
Au nimmegee kidogo?

Vina hatutafuti. Mtoto wa miaka saba akilazimishwa vina juu ya herufi, atakuletea maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

Wanapokwama, kwa kawaida ni kwa sababu wanasaka nomino tu. Hapo nawaelekeza kwenye vitenzi, maana Kiswahili huweka mtenda mwanzoni kabisa mwa kitenzi. N ni “Nimekimbia”, T ni “Tunacheza”, W ni “Wananiita”. L je? “Limeiva embe.” Z? “Zinalia ngoma.” S na H hupatikana kwa kukanusha: “Sitaki uji”, “Hatulali mapema”. Mtoto hahitaji kusikia neno ngeli. Haya anayasema kila siku. Kwa B, G, J au R natumia amri: “Bisha hodi”, “Ruka dimbwi”. E ndiyo sumbufu kuliko zote, ndiyo maana nilichagua jina lenye E mbili.

Kuna swali la Sh, Ch na Dh. Mimi nazihesabu kuwa sauti moja, mshororo mmoja, kama walivyojifunza kusoma. Asha anapata mishororo mitatu: A, Sh, A. Ukizitenganisha, H inabaki peke yake bila sauti yake, na mtoto anachanganyikiwa. Mwenye jina refu kama Kristofa huwa namwacha atumie jina la nyumbani, ila namuuliza kwanza kama analipenda. Mengine ni ya utani unaouma.

Kabla ya kusahihisha tahajia, naficha herufi za mwanzo kwa rula na kusoma kinachobaki. Kisha nabadilisha mpangilio wa mishororo kichwani. Kama hakuna kinachoharibika, bado ni orodha, na namuuliza mwandishi swali moja tu: “Halafu ikawaje?” Wiki iliyopita kijana mmoja aliyeandika “Sipendi uji” alinijibu kwamba aliumwaga kwenye maua ya mama yake. Huo ndio ukawa mshororo wake wa pili.