Kugeuza picha ya simu kuwa patani ya krosi-stichi: gridi na rangi za uzi

Patani ya krosi-stichi ni picha iliyogawanywa viboksi, kila kiboksi ni mshono mmoja wa X na kila mshono ni rangi moja tu ya uzi. Apu inaweza kukutengenezea patani kwa dakika moja, lakini itakuuliza vitu viwili, gridi iwe na viboksi vingapi na utumie rangi ngapi, na hapo ndio uso wa mtu hupotea ama hutokea.

Tuseme uko na picha ya dani, yaani nyanya yako, amekaa nje ya nyumba huko Ahero, nyuma yake fensi ya majani, na unataka kuidarizi uiweke sebuleni. Wengi huanza na saizi ya fremu. Mimi nasema anza na jicho, kwa sababu jicho ndio kitu kidogo zaidi kwa hiyo picha ambacho lazima kionekane. Jicho likipata mishono 4 upana linakuwa doa jeusi, likipata kama 10 unapata mboni, weupe pande zote mbili na mstari wa kope. Sasa upana wa uso ni karibu macho matano, kwa hivyo uso unahitaji mishono 50, na ukiikata picha ibaki kichwa na mabega, uso ukiwa nusu ya upana, gridi yako ni 100 kwa upana na tuseme 125 kwenda chini. Hiyo ni mishono 12,500. Ukiacha dani mzima na kiti chake na fensi, kwa gridi hiyo hiyo uso utabaki na mishono 20 hivi na jicho 4, na hakuna rangi itakayokuokoa.

Kitambaa unachagua baadaye. Aida, kile kitambaa cha viboksi cha krosi-stichi, ikiwa ya kaunti 14 inaingia mishono 14 kwa inchi, kwa hivyo 100 gawanya kwa 14 ni inchi 7 na kidogo, na 125 inakuwa karibu inchi 9. Patani hiyo hiyo kwa kaunti 18 inashuka hadi inchi 5 na nusu kwa 7. Picha haiongezi maelezo hata kidogo, inakuwa ndogo tu na macho yako yanachoka zaidi. Ongeza inchi 3 kila upande za kukunja na kuweka fremu.

Rangi sasa. Picha ya simu iko na maelfu ya rangi, na rangi za nyuzi za kampuni ya DMC ziko karibu 500, kwa hivyo apu huchukua kila rangi ya picha na kuipa uzi unaokaribiana nayo. Ukiiambia rangi 20, mara nyingi inazigawa kulingana na eneo, na eneo kubwa ni ile fensi, basi unapata kijani aina nane na uso wa dani unabaki na kahawia tatu, shavu na shingo zinashikana kuwa kitu kimoja. Dawa yake ni kufuta fensi kabla hujapeleka picha kwa apu. Acha nyuma kitambaa kitupu, utaokoa uzi na zile rangi zote zitaenda kwa ngozi, leso na nywele.

Kwa ngozi yetu angalia sana upande wa giza. Apu hupenda kurusha vivuli vyote kwa uzi wa DMC namba 310, ile nyeusi kabisa, na uso unatokea kama una mashimo. Badilisha kwa mkono, vivuli vya ndani zaidi viende 3371, halafu 938, 898, 801, 433, na 435 pale mwanga unapogonga paji la uso. 310 iache mboni pekee. Kujua kama hizo kahawia zinatosha, geuza patani iwe nyeusi na nyeupe kwa simu: mbili zikionekana sawa kabisa na zimekaa pamoja, moja haifanyi kazi, iondoe.

Kingine ni konfeti, yaani mishono moja moja ya rangi tofauti iliyotawanyika kwa shavu. Inaletwa na ile setingi ya kuchanganya rangi kwa nukta, inaandikwa dithering, izime. Zilizobaki zifute ukizipa rangi ya jirani, maana kila moja ni kufunga na kukata uzi upya. Lakini usifute ile moja nyeupe ndani ya jicho, na kama apu imeimeza irudishe wewe mwenyewe, bila hiyo jicho linakaa limekufa.

Na kama dani alipigwa picha saa sita mchana amevaa kofia, uso wote kivuli, hapo patani haiwezi kutoa kahawia ambazo simu haikuzinasa. Mwombe akae kivulini karibu na mlango, mwanga umfikie kutoka upande mmoja, halafu umpige picha nyingine.