Kugeuza satini ya kijani iwe damu ya mzee bila kuua mng'ao

Fundi mmoja wa Shela, hapa Malindi, alishona gauni la satini la kijani cha zamaradi, na picha zake zilipoanza kuzunguka wateja wakauliza kama lipo la damu ya mzee. Kitambaa cha rangi hiyo alikuwa hajanunua. Alijaribu kuigeuza picha kwenye simu, kisha akaniletea: "Kaka, mbona satini yangu imekuwa mpira?"

Imekuwa mpira kwa sababu rangi mpya ilipakwa kila mahali, hata juu ya mng'ao. Satini hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu ya mwanga huingia ndani ya nyuzi, hukutana na rangi ya kitambaa, na kutoka ikiwa ya kijani. Sehemu nyingine hugonga juu ya uzi na kuruka hapo hapo kabla haijaigusa rangi, kwa hiyo hubaki na rangi ya taa au ya mbingu. Ndiyo maana mgongo wa mkunjo unakaribia weupe hata kwenye gauni la kijani. Ukiupaka wekundu, unageuka waridi, na jicho linakataa kuamini kwamba ile ni satini.

Kwa hiyo kazi yote ni kuutenganisha mng'ao na mwili wa kitambaa. Tuseme mwanga mkali kabisa ni 100. Pale gauni lilipotulia, nyekundu ni 2, kijani 20, buluu 10. Kwenye mgongo wa mkunjo ni 62, 80 na 70. Kila rangi imeongezeka 60 sawasawa, na hiyo 60 ndiyo mng'ao. Damu ya mzee ninayoitaka ni 15, 1, 2, basi mgongo wa mkunjo lazima uwe 75, 61, 62: karibu mweupe, wenye wekundu kidogo tu.

Kitambaa cha zamaradi kina bahati yake, kwa kuwa wekundu wake ni mdogo mno. Nikiwa kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nafungua `Colors > Components > Decompose`, nachagua RGB ili picha igawanyike kuwa tabaka za nyekundu, kijani na buluu, kisha natazama tabaka la nyekundu peke yake. Gauni linakuwa karibu jeusi, na juu yake inabaki michirizi ya mng'ao ikifuata kila mkunjo kuanzia kiunoni hadi pindo. Nalirudisha tabaka hilo kwenye picha, na kwa `Levels` nasogeza alama nyeusi mpaka sehemu zilizotulia ziwe nyeusi kabisa.

Kisha nachukua tabaka la kijani na kulitoa mng'ao kwa modi ya `Subtract`. Linabaki gauni la kijivu lisilong'aa, lenye vivuli tu. Juu yake naweka rangi mpya kwa `Multiply`, narekebisha kina kwa `Levels`, halafu naurudisha mng'ao juu ya vyote kwa `Addition`. Tabaka zote nazifungia ndani ya maski ya gauni, na kwenye `Blend Space` nachagua `RGB (linear)`, kwa sababu hesabu ya kuongeza mwanga kwa mwanga haitoki sawa kwenye namba za kawaida za picha. Sasa naweza kulitia gauni giza nitakavyo bila mng'ao kufifia.

Picha ya nje ina usumbufu wake. Ufukweni mbingu hutia ubuluu kwenye mng'ao, kwa hiyo tabaka la nyekundu halioni mng'ao wote. Utajua ukiona michirizi hafifu imebaki kwenye gauni la kijivu. Rekebisha mizani ya weupe kwanza, kisha urudie kutenganisha.

Halafu tazama nje ya gauni. Picha ya fundi yule ilikuwa na ukijani chini ya mkono wa msichana na ndani ya bangili zake za dhahabu, umeakisiwa kutoka kwenye satini. Gauni likigeuka na ukijani ule ukabaki, picha inajitangaza kwamba imeguswa. Niliupunguza kwa brashi laini, nikaacha wekundu kidogo mahali pake.

Nguo ya ngozi ya mnyama hufuata kanuni hiyohiyo, ila ikiwa nyeusi, karibu yote unayoiona ni mng'ao. Ukiutoa, hakibaki kitu cha kupaka. Kuigeuza kahawia iliyokolea kunawezekana. Kuifanya krimu ni kuichora upya.

Nguo ya vimeta ndiyo inayopindua kanuni. Kimeta chenye utando wa madini hutia rangi hata mwanga unaoruka, basi kimeta cha dhahabu hung'aa dhahabu. Hapo mng'ao nao naupaka rangi mpya kwa `Multiply`, na vile vinukta vilivyoungua kuwa vyeupe kabisa kwenye kamera naviacha vyeupe.